Jinsi ya kuandaa hotuba ya dakika tatu mstarini kuhusu udadisi wa mambo mengi

Kila mwaka kuna mwanafunzi anayepewa mada hii na mwalimu wa zamu: "Sema kitu kuhusu faida ya kupenda kujua mambo mengi, hata yasiyohusiana." Naye huandika anavyojua. Udadisi ni mzuri, udadisi hufungua akili, wanasayansi wote walikuwa wadadisi. Ikifika dakika ya pili, Kidato cha Kwanza wameshaanza kuchora mchanga kwa viatu, na walimu waliosimama kivulini wanatazama saa.

Kosa halimo kwenye sauti wala kwenye lugha. Huwezi kuwashawishi watu kwamba udadisi una faida kwa kuusifu. Inabidi uufanye mbele yao: uchukue swali moja dogo, ulipitishe kwenye masomo matatu yanayoonekana hayana undugu, na wasikilizaji waone kwa macho yao kwamba somo moja peke yake lisingetosha. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuijenga hotuba ya aina hiyo, kwa mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili katika skuli ya pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Hotuba yake nzima nimeiweka humu.

Kwanza, tafuta swali

Wengi huanza na orodha ya masomo: Historia, Kemia, Muziki, Hesabu. Kisha wanatafuta sentensi ya kusema juu ya kila moja. Hotuba ya namna hiyo haina uti wa mgongo, na msikilizaji haoni kwa nini Kemia imekuja baada ya Historia.

Anza na jambo ambalo watu wa kwenu wanalifanya kila siku bila kuliuliza. Karafuu itakuja kichwani mwanzo, hasa ukiwa Pemba, nami nakushauri uipite. Si mbaya, ila kila mtu mstarini ameshaisikia kwenye Historia na Jiografia, kwa hiyo utamaliza dakika ya kwanza unasema wanachokijua. Swali zuri ni lile ambalo jambo lake linajulikana na kila mtu, lakini sababu yake haijulikani.

Mwanafunzi wetu alichagua hili: kwa nini bamvu huja na tarehe za mwezi? Kila mtoto wa pwani anajua kwamba kuna siku za bamvu, ambapo maji hujaa sana na hukupwa sana, watu wakashuka kuchokoa pweza, na kuna siku za maji mafu ambapo bahari haijai sana wala haikauki. Wazee wanazijua siku hizo kwa kuhesabu mwezi, mwezi ule ule wa kalenda ya Kiislamu. Ila ukiuliza mwezi unahusiana vipi na maji, wengi watakujibu "ndivyo ilivyo". Ukipata jibu la namna hiyo kutoka kwa watu watatu, swali lako limefaa.

Pili, lifuate swali mpaka liache somo lake

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapopapasa. Chukua karatasi, andika swali juu, kisha andika kila unachokipata na mtu au kitabu ulichokipata kwake. Usiandike hotuba bado.

Karatasi ya mwanafunzi wetu ilianza na bibi yake. Bibi alisema bamvu kubwa ziko tarehe mosi mpaka tatu ya mwezi, na tena kumi na tano mpaka kumi na saba, na kwamba siku hizo maji hukauka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Huo ni ujuzi wa kweli, wala si hadithi. Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa kwenye bamvu kubwa hapa Zanzibar hufika karibu mita 4, na kwenye maji mafu ni ndogo mno kuliko hapo.

Kisha akaenda kwa mwalimu wa Jiografia. Mwezi unavuta maji ya bahari. Jua nalo linavuta, lakini kwa kuwa liko mbali sana, nguvu yake juu ya maji ni chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, vyote vitatu, yaani jua, dunia na mwezi, vinakuwa karibu katika mstari mmoja, na mivuto miwili inaungana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande mmoja na mwezi upande mwingine, basi maji yanakuwa mafu. Bahari haiitiki papo hapo. Bamvu kubwa kabisa huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa mpya au mpevu. Na kwa kuwa tarehe mosi yetu inaanza mwezi ukishaonekana, siyo wakati wenyewe wa mwezi kuwa mpya, hesabu ya bibi ya mosi mpaka tatu ikakaa sawasawa na maelezo ya mwalimu. Mtoto alipoliona hilo alirudi darasani anaruka.

Tatu akaenda kwa mama zake wadogo wanaolima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 huko pwani ya mashariki, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Vijiti vinachomekwa mchangani, kamba inafungwa kati ya kijiti na kijiti, na mbegu zinaning'inizwa kwenye kamba. Kazi yote ya kufunga, kupalilia na kuvuna hufanyika maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo siku za kazi zinapangwa na mwezi. Mwani ukishakaushwa husafirishwa nje, ukatolewa utomvu wa kukazia dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine.

Sasa tazama karatasi hiyo. Kuna kalenda ya dini, kuna mvuto wa mwezi na jua, kuna kipato cha nyumba. Hakuna aliyeyapanga yakae pamoja. Swali ndilo lililoyaburura. Ukiona karatasi yako imebaki ndani ya somo moja, swali lako ni dogo mno au umeuliza mtu wa aina moja tu. Kama wote uliowauliza ni walimu, nenda dikoni. Kama wote ni wavuvi, nenda maktaba.

Tatu, hakiki kabla hujasema hadharani

Mstarini yupo mwalimu wa kila somo, nao hawasahau. Jambo moja la uongo litavunja matatu ya kweli.

Kuna mtego mmoja ninaoukuta mara kwa mara kwenye hotuba za mada hii. Mwanafunzi anataka kumtaja mtu wa Bahari ya Hindi aliyejua mambo mengi, anampata Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, bandari ya kale ya Uarabuni. Ni chaguo zuri: alikuwa bingwa wa nyota na pepo za bahari, na elimu ya safari aliandika nyingi kwa mashairi. Lakini mwanafunzi anaongeza kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda Hindi mwaka 1498. Habari hiyo imeenea sana, na wanahistoria wengi wa leo hawaikubali. Mtaje kwa nyota na mashairi, na hilo la Vasco da Gama liache.

Kwa bamvu, uhakiki ni rahisi kwa kuwa bahari iko mlangoni. Vitabu husema maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kama leo yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi, baada ya siku saba yatakuwa yamechelewa dakika 350, yaani karibu saa sita kamili, na utayakuta yamekupwa karibu saa 10 jioni. Mwanafunzi wetu alikwenda pwani siku mbili mfululizo za bamvu na saa mkononi, akapata tofauti isiyofika dakika 50. Akaja akidhani kitabu kimekosea. Hakikukosea: 50 ni wastani. Siku za bamvu uchelewaji huwa mfupi zaidi, na siku za maji mafu huwa mrefu zaidi. Hilo nilimwambia alitoe kwenye hotuba, kwa sababu halielezeki kwa sentensi moja, lakini alibaki nalo akilini kwa ajili ya maswali.

Nne, punguza

Kiswahili kinachosikika uwanjani kinakwenda kama maneno mia kwa dakika. Dakika tatu ni maneno mia tatu na kidogo, yaani ukurasa mmoja wa daftari, haufiki pande zote mbili. Karatasi yako ina mambo kumi, na hotuba inabeba matatu. Bakisha yale ambayo ukiondoa moja, swali linakatika. Ibn Majid hapa alitoka, kwa sababu bamvu ilijitosheleza bila yeye. Mwaka 1989 ulitoka pia. Mita 4 zilitoka. Mtu anayesimama juani hashiki namba, labda moja.

Tano, ikabili methali kabla hujarushiwa

Ukisimama Zanzibar ukasema watu wajue mambo mengi, kuna mtu nyuma atanong'ona: mshika mawili moja humponyoka. Na wazee wenye methali hiyo hawakuropoka. Kidato cha Tatu kinakuja na kuchagua masomo, na mwanafunzi anayerukaruka kweli hufeli.

Usikwepe. Itaje wewe mwenyewe, ikubali, kisha onyesha mpaka wake. Methali inamzungumzia anayeshika kazi mbili kwa wakati mmoja. Haimzuii aliyeshika kazi moja kuuliza habari za nyingine. Mtu anaweza kuwa mwanafunzi wa sayansi aliyeshikilia masomo yake, na bado akakaa na bibi yake kumuuliza hesabu ya mwezi. Sehemu hii iweke karibu na mwisho, baada ya swali kutembea, kwa sababu ukiianza nayo watu watabishana na methali badala ya kusikiliza.

Sita, iandike kwa sikio

Sentensi ziwe fupi. Majina yarudiwe badala ya "hicho" na "huyo", maana mtu aliyepitwa na sentensi moja hawezi kurudi nyuma kama msomaji. Sentensi ya kwanza baada ya salamu isibebe jambo la maana, kwani itaondoka na kelele za kupanga mistari. Mwanafunzi wetu aliweka pale swali la kuinua mikono.

Hotuba ilikuwa hivi:

*Assalaam alaykum. Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wanafunzi wenzangu.*

*Nani hapa ana bibi anayeshuka pwani kuchokoa pweza? Inueni mikono.*

*Bibi yangu hana jedwali la maji, na simu yake ni ya tochi. Lakini anajua siku ambayo bahari itakauka. Bibi anahesabu mwezi. Mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu: bamvu. Mwezi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba: bamvu tena. Mwezi ule ule tunaoutafuta ili tufunge Ramadhani ndio unaomwambia bibi siku ya kuchukua kijiti chake na kwenda pwani.*

*Nikajiuliza: mwezi na bahari vimejuana wapi?*

*Bibi akaniambia, muulize mwalimu wako. Mwalimu wa Jiografia akaniambia mwezi unavuta maji. Jua nalo linavuta maji. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa pamoja. Maji yanajaa sana, na maji yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta kwake. Hayo ndiyo maji mafu.*

*Mtasema, sawa, inatusaidia nini? Waulizeni mama zetu wa mwani. Shamba la mwani linafikiwa maji yakikupwa. Mama anafunga mbegu siku za bamvu, anavuna siku za bamvu. Ada ya mtihani, sare, daftari: kuna nyumba hapa kijijini ambazo vyote hivyo vinafuata mwezi. Na mwani huo ukienda nje, unarudi dukani ndani ya dawa ya meno.*

*Swali langu lilikuwa moja. Nilipita kwa bibi, nikapita kwa mwalimu, nikapita kwa mama wa mwani. Bibi alijua siku. Mwalimu alijua sababu. Mama alijua faida. Hakuna aliyekuwa na jibu lote.*

*Najua mtaniambia: mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli. Mwakani nitachagua masomo yangu, na nitayashika. Lakini kuuliza si kushika. Anayetaka udaktari asome udaktari, na siku ya bamvu amuulize bibi yake kwa nini leo.*

*Bamvu ijayo, nendeni pwani na mkubwa mmoja, mtazame saa ngapi maji yanaanza kurudi. Kesho yake mtazame tena. Maji yamechelewa dakika ngapi? Andikeni jibu, mlilete ubao wa matangazo. Ahsanteni.*

Angalia mambo mawili tu hapo. Neno "udadisi" halimo hata mara moja, na hakuna mtu aliyeshuka mstarini bila kujua hotuba ilihusu nini. La pili ni aya ya "Bibi alijua siku". Sentensi tatu fupi zenye umbo moja ndizo wanafunzi walizokwenda kuzirudia darasani. Ukipata mahali pamoja pa namna hiyo kwenye hotuba yako panatosha, maana ukirudia umbo hilo kila aya inakuwa mahadhi na watu wanaacha kusikia maana.

Pia maneno "na mkubwa mmoja" niliyaongeza mimi. Maji ya bamvu yanarudi upesi, na mtoto aliyekwenda mbali kwenye mwamba hukuta mikondo nyuma yake imeshajaa. Ukiwapa watu kazi ya kwenda pwani, toa na tahadhari yake.

Saba, ifanyie mazoezi nje

Usiifanyie mazoezi chumbani. Nenda uwanjani jioni wakati wa upepo, mweke rafiki kwenye mstari wa mwisho, useme bila kipaza sauti. Mwambie ainue mkono kila anapokosa neno. Mara nyingi mkono utapanda mwisho wa sentensi, kwa sababu watu hushusha sauti pale ambapo jibu lipo. "Maji yanakupwa sana" iliposikika "maji yanaku…", maelezo yote ya mwezi yalikwenda na upepo. Dawa yake ni kusimama kidogo kabla ya neno la mwisho na kulisema kwa nguvu ile ile uliyoanzia.

Pima muda ukiwa hapo. Ukizidi dakika tatu na nusu, kata aya, usiharakishe ulimi. Kwenye hotuba hii aya ya kukatwa ingekuwa kipande cha dawa ya meno, kwa sababu swali linasimama bila hicho.

Usiikariri neno kwa neno. Kariri sentensi ya kwanza ya kila aya na zile sentensi tatu za bibi, mwalimu na mama. Karatasi iwe mkononi, imekunjwa mara moja, maandishi makubwa. Mikono ikiinuliwa kwa lile swali la mwanzo, subiri mpaka uone imetulia. Ikiwa hakuna aliyeinua, inua wako na uendelee, usirudie swali.

Baada ya kushuka

Hotuba inayoacha kazi inarudi na maswali, na mengine hutayaweza. Mmoja atauliza kwa nini maji yanajaa mara mbili kwa siku wakati mwezi unapita juu mara moja. Hili jiandae nalo: mwezi unavuta maji ya upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na dunia kuliko maji ya upande wa pili, kwa hiyo maji yanatuna pande zote mbili, nasi tunazunguka na kupita kwenye kila mtuno. Mwingine atauliza kwa nini mwani wa aina fulani unakufa siku hizi maji yakipata joto. Kama hujui, mwambie utauliza, na kweli uulize. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa hapa Unguja, na barua ya skuli iliyosainiwa na Mwalimu Mkuu ndiyo njia ya kuwafikia.

Kwa ubao wa matangazo, chora jedwali la safu nne kabla ya siku ya hotuba: tarehe ya mwezi wa Kiislamu, tarehe ya kawaida, saa ya maji kupwa kabisa, jina la aliyetazama. Bila jedwali watu watabandika vikaratasi visivyolingana, na baada ya wiki mwalimu wa zamu atavibandua vyote.